Sikukuu ya Jumapili, Njaa ya Jumamosi

Kila mara sikukuu ya taifa inapoangukia Jumapili, vibarua wa Bunia wananyang'anywa mshahara wa Jumamosi. Sisemi wanacheleweshewa, wala sisemi wanapunguziwa. Wananyang'anywa, na wanaonyang'anya wana tangazo la serikali mkononi, tangazo linalosema kinyume kabisa cha wanachofanya.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Orodha ya sikukuu za kisheria za Kongo huwekwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri, kama ile namba 14/010 ya tarehe 14 Mei 2014. Sikukuu hizo ni za kupumzika na kulipwa. Mojawapo ikigongana na Jumapili, ambayo tayari ni siku ya mapumziko, pumziko halipotei. Linarudishwa nyuma hadi siku ya kazi inayotangulia, na kwa kawaida hiyo ni Jumamosi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020: tarehe 17 Mei ilikuwa Jumapili, na Jumamosi tarehe 16 ikatangazwa kuwa siku ya kupumzika na kulipwa. Wakenya hufanya tofauti, kwani sheria yao inasogeza pumziko mbele hadi Jumatatu. Kusogeza mbele au kurudisha nyuma si hoja yangu. Hoja yangu ni neno la pili la tangazo, lile la kulipwa, ambalo likifika kwenye geti la shantie hapa kwetu linakufa.

Tazameni jinsi linavyokufa. Kibarua anaamka gizani, anatoka Mudzipela au Yambi Yaya kwa miguu, anafika shantie saa moja asubuhi. Kapita amesimama mlangoni: leo hakuna kazi, ni sikukuu, rudini Jumatatu. Mlinzi yupo, mtunza ghala hayupo, mhasibu hayupo, injinia hayupo. Wale watatu wasiokuwepo wamelala kwao na mshahara wao wa siku hiyo hauguswi, kwa sababu wanalipwa kwa mwezi. Kibarua anarudi nyumbani mikono mitupu, na kesho yake ni Jumapili. Siku mbili bila franka hata moja, kwa heshima ya taifa lake.

Naomba tufanye hesabu pamoja, kwa sababu mapatroni wengi wanapenda kusema kwamba mambo haya hayana hesabu. Tuchukue kibarua anayelipwa franka 15,000 kwa siku na mtunza ghala anayelipwa kwa mwezi kwa kiwango kilekile. Sheria yetu ya mshahara wa chini inageuza siku kuwa mwezi kwa kuzidisha mara 26. Kwa hiyo mtunza ghala ana 390,000 kwa mwezi. Kwa nini 26? Ukiondoa Jumapili 52 katika mwaka, zinabaki siku 313 hivi. Zigawe kwa miezi 12, unapata 26. Angalieni kilichoondolewa humo: Jumapili peke yake. Sikukuu hazikuondolewa. Zimo ndani ya zile 26, zimelipiwa tayari, na ndiyo maana anayelipwa kwa mwezi hahitaji kudai chochote. Aliyetunga hesabu hiyo alijua kwamba sikukuu ni siku ya mshahara.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo kwenye Mei 2026. Mwezi huo una siku 31 na Jumapili tano, kwa hiyo siku za kazi ni 26 kamili. Tarehe 1 Mei ni Ijumaa, sikukuu ya kazi. Tarehe 17 Mei ni Jumapili, kwa hiyo pumziko lake linarudi Jumamosi tarehe 16. Mtunza ghala anafanya kazi siku 24 na kupokea 390,000. Kibarua anafanya kazi siku zilezile 24, kwenye shantie ileile, na kupokea 360,000. Wamepumzika sawasawa. Mmoja amepumzika kwa gharama ya kampuni, mwingine kwa gharama ya sahani ya watoto wake. Na kati ya siku hizo mbili alizokatwa, moja ni sikukuu ya wafanyakazi! Mwaka huohuo tarehe 4 Januari, siku ya mashujaa wa uhuru, nayo ni Jumapili, kwa sababu katika mwaka usio mrefu tarehe 4 Januari na 17 Mei huangukia siku moja ya juma. Kwa hiyo Jumamosi mbili katika miezi mitano.

Kuna jambo linalonichoma zaidi. Jumuiya za misaada na ofisi nyingi hapa mjini hazifanyi kazi Jumamosi. Kwao tangazo la Jumamosi halileti kitu na haliondoi kitu. Pumziko la Jumamosi lina maana kwa wale tu wanaofanya kazi siku sita: wajenzi, wapakuaji wa malori, watu wa madepo, wafyatua matofali. Na hao, kwa sehemu kubwa, ndio wanaolipwa kwa siku. Yaani pumziko lililoletwa ili mtu wa siku sita asipoteze sikukuu yake, yeye ndiye anayelilipia.

Nawajua mapatroni watakavyojibu, kwa maana nimeisikia hoja yao mara nyingi na wanaitoa kwa sauti ya mtu mwenye haki. Wanasema mkataba wa kibarua unazaliwa asubuhi na kufa jioni. Ijumaa jioni amelipwa, tumeachana. Jumamosi hana mkataba na mtu yeyote, basi nani amlipe sikukuu? Kwa kibarua aliyeajiriwa jana kupakua lori moja, wana haki, na sitaki kumdanganya mtu. Mtu wa siku moja au tatu hana msingi wa kudai sikukuu.

Lakini sheria ya kazi ya Kongo, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliwaona watu hawa wakija. Inasema kwamba mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo, na mwajiri anayekiuka ana adhabu. Siku 22! Kwa mtu wa siku sita kwa juma, hiyo ni chini ya majuma manne. Yule kijana aliyebeba zege tangu Machi hadi Mei kwenye jengo lilelile si kibarua mbele ya sheria, hata kama kila jioni anapewa noti zake mkononi. Kulipwa kila jioni ni namna ya kupokea mshahara. Hakumfanyi kuwa mgeni kila asubuhi. Mkataba wake haukufa Ijumaa, na Jumamosi ya sikukuu ni yake kama ilivyo ya mhasibu.

Mapatroni wanalijua hili, na ushahidi kwamba wanalijua ni hila zao. Daftari la kapita linafungwa kila baada ya majuma matatu na kufunguliwa jipya. Mtu anaandikwa kwa jina la baba juma hili, kwa jina la ubatizo juma lijalo. Wengine wanapumzishwa siku chache wakikaribia ishirini, halafu wanaitwa tena kana kwamba hawakuwahi kuonekana. Hila ya mwisho hiyo hata haifanyi kazi, maana sheria inahesabu siku ndani ya miezi miwili na haikudai zifuatane.

Udhaifu uko kwenye ushahidi. Ajira ya kutwa haidaiwi maandishi, na hapo ndipo kibarua anapoangukia. Anabaki na maneno yake dhidi ya daftari la kapita. Ila mahali pasipo maandishi mfanyakazi ana ruhusa ya kuthibitisha ajira yake kwa kila njia ya haki: mashahidi waliofanya naye kazi, ujumbe wa simu wa malipo ya M-Pesa au Airtel Money, picha ya ukurasa wa daftari, kayé yake mwenyewe aliyoandika tarehe na kiasi kila jioni. Wanaolipwa kwa simu wana bahati ambayo hawaijui. Kila jioni mwajiri anawaandikia ushahidi dhidi yake mwenyewe. Msifute jumbe hizo.

Na waliofanya kazi siku hiyo? Mlinzi hakwenda nyumbani Jumamosi ile. Kanuni za saa za ziada zinatoa nyongeza ya asilimia 100 kwa saa za siku ya mapumziko au ya sikukuu. Mlinzi wa kutwa wa 15,000 aliyekesha Jumamosi iliyotangazwa anadai 30,000. Wa mwezi naye anadai nyongeza, na hapo aangalie wanavyoigawa: 390,000 ikigawanywa kwa 26 inatoa 15,000, ikigawanywa kwa 30 inatoa 13,000. Nimeona karatasi za mshahara zilizogawanywa kwa 30. Ni wizi wa 2,000 kila siku, umevaa miwani ya uhasibu.

Sitaki kusikia kwamba Ituri iko vitani, kwamba tangu Mei 2021 tuko chini ya hali ya kuzingirwa na biashara ni ngumu. Ni ngumu, ndiyo. Lakini ugumu huo haujamfanya patroni yeyote amkate injinia wake Jumamosi ya sikukuu. Vita vinakumbukwa tu inapofika zamu ya mbeba matofali.

Wanaoweza kulimaliza jambo hili wako wachache na wanajulikana. Wenye fedha za shule, barabara na zahanati zinazojengwa hapa, serikali na wafadhili, waandike kwenye mkataba wa kila mjenzi sentensi moja: mfanyakazi wa kutwa mwenye siku 22 ndani ya miezi miwili analipwa sikukuu, iwe imekaa siku yake au imerudishwa Jumamosi. Kisha wakatae kulipa ankara isiyoambatana na orodha ya majina na siku. Ukaguzi wa Kazi nao usingoje malalamiko. Inspekta aende shantie Jumatatu inayofuata sikukuu ya namna hiyo, aombe daftari, aangalie Jumamosi imeandikwaje.

Kwa vibarua wenyewe nasema hivi: kabla ya mahakama ya kazi, njia inapita kwa inspekta, anayewaita pande zote mbili kupatanishwa. Nendeni wengi kwa pamoja, na kayé zenu. Wala msikae mkisubiri, kwa sababu dai la mshahara linakufa mwaka mmoja baada ya siku uliyostahili kulipwa.

Kwa mapatroni sina ombi refu. Ijumaa tarehe 15 Mei, mnapowalipa watu wa zaidi ya siku 22 jioni, mkononi mwa kila mmoja ziwe 30,000: kumi na tano za Ijumaa, kumi na tano za Jumamosi.