Deni la Ramadhani na siku tisa za Mfunguo Tatu

Kila Mfunguo Tatu unapokaribia, swali moja huzunguka katika makundi ya akina mama kwenye simu: mwenye deni la Ramadhani afanye nini na funga ya Arafa? Huyu anadaiwa siku nne, yule saba, na siku za kheri ndizo hizo zimefika. Wengine huambiwa walipe deni kwanza, wengine huambiwa wafunge Arafa deni litasubiri, na baadhi huishia kutofunga kabisa kwa kuchanganyikiwa.

Jibu ni jepesi likipangwa kwenye kalenda. Siku zinazozungumzwa ni kumi za mwanzo za Dhulhija. Zinazofungwa ni tisa, kwa sababu ya kumi ni Idi na ni haramu kuifunga. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha katika hadithi iliyopokewa na Bukhari kwamba hakuna siku ambazo amali njema ndani yake hupendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko hizi. Amali hiyo si funga peke yake. Ni sala, sadaka, dhikri na takbira pia.

Kufunga zote tisa hakumlazimu mtu. Abu Daud amepokea kuwa Mtume alikuwa akizifunga siku hizo, ilhali Muslim amepokea kutoka kwa Bibi Aisha kwamba hakupata kumwona akizifunga. Wanazuoni wameziunganisha hadithi hizo mbili: funga ni sunna, ila anayefunga tatu au moja hana lawama. Iliyosisitizwa zaidi ni ya tisa, siku ya Arafa, ambayo kwa hadithi ya Muslim hufuta madhambi ya mwaka uliopita na mwaka unaofuata kwa asiyekuwa kwenye hija. Hujaji aliyesimama Arafa yeye sunna yake ni kula, apate nguvu za kuomba dua.

Sasa deni. Aliyekula Ramadhani kwa udhuru, kama hedhi, ugonjwa au safari, ana muda wa kulipa mpaka Ramadhani nyingine haijaingia. Bibi Aisha mwenyewe alikuwa akichelewa kulipa hadi Shaabani. Kwa hiyo katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, mwenye deni la udhuru akifunga Arafa ya sunna funga yake inasihi. Aliyekula bila udhuru ndiye anayetakiwa alipe haraka kabla ya sunna yoyote. Hata hivyo, njia yenye faida zaidi ni kulipa deni ndani ya siku hizi hizi. Kulipa faradhi nako ni amali njema, tena kubwa kuliko sunna.

Chukua mfano wa mama mwenye watoto watatu anayedaiwa siku sita. Mwezi umeandama Jumapili jioni, kwa hiyo Jumatatu ni Mfunguo Tatu mosi, Arafa itakuwa Jumanne ya wiki ya pili, na Idi Jumatano. Mama huyu anaijua hesabu yake: hedhi yake huja kati ya tarehe saba na tisa za mwezi huu. Kwa hiyo hasubiri. Anaanza deni Jumatatu ile ile.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano zinakwenda sawa. Anaamka daku, anaweka nia ya kulipa funga ya Ramadhani, anafunga. Jumatano jioni mtoto mdogo anapata homa. Mama anakesha naye, analala saa kumi kasorobo bila daku na bila kukumbuka nia, anazinduka jua limechomoza. Hajala kitu, anasema moyoni, basi leo ni siku ya nne ya deni.

Hapa ndipo wengi hupotea hesabu. Funga ya faradhi, pamoja na ya kulipa, nia yake ni lazima iwe imewekwa usiku, kuanzia magharibi mpaka kabla ya alfajiri. Alhamisi ile haihesabiwi kuwa deni. Lakini haijapotea: funga ya sunna inaweza kunuiwa asubuhi, kabla jua halijapinduka adhuhuri, maadamu mtu hajala wala kunywa tangu alfajiri. Mama ananuia sunna, anapata siku ya nne miongoni mwa zile tisa, na kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni anaandika deni lililolipwa ni tatu. Dawa ya kusahau ni kunuia mapema, mara tu baada ya kufuturu. Kula na kunywa baada ya hapo hakuvunji nia hiyo.

Ijumaa na Jumamosi analipa. Zimekuwa tano. Jumapili, siku ya saba, anafunga ya mwisho, na baada ya alasiri hedhi inaingia, imebaki chini ya saa mbili jua lizame. Jirani anamwambia amalizie tu, siku karibu imekwisha. Sivyo. Damu ikitoka hata dakika tano kabla ya magharibi, funga ya siku hiyo imebatilika na itarudiwa, na kuendelea kujizuia kwa nia ya kufunga hakuruhusiwi. Mama anakunywa maji. Deni limebaki moja.

Jumanne ya Arafa, basi, nyumba nzima imefunga isipokuwa yeye. Ni siku ambayo akina mama wengi huhisi wamefungiwa mlango. Lakini takbira, tahlili, dua na kumswalia Mtume havihitaji tohara. Katika hadithi ya Ummu Atiyya, waliyoipokea Bukhari na Muslim, wanawake wenye hedhi waliamrishwa watoke pamoja na wengine siku ya Idi, wakae kando ya mahali pa kusalia, walete takbira pamoja na watu. Kama takbira ya Idi haikuwapita, ya Arafa haiwapiti. Anayepika futari huku ulimi wake unaleta takbira yumo ndani ya siku hiyo, na anayemfuturisha aliyefunga ana ujira mfano wa mfungaji.

Takbira zenyewe zina nyakati mbili. Ya kwanza haikufungamana na sala. Bukhari ametaja kwamba Ibn Umar na Abu Huraira walikuwa wakitoka kwenda sokoni katika siku hizi kumi wakileta takbira, na watu wakaifuata. Mashafi wana namna yao inayowapendeza sana watoto: katika siku kumi hizi, anayemwona mnyama wa kuchinjwa, mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia, au akamsikia analia, ni sunna aseme Allahu Akbar. Nyumba yenye mbuzi amefungwa uani haitahitaji kengele ya kukumbushia. Na tangu magharibi ya kuamkia Idi, takbira huletwa nyumbani, njiani na msikitini mpaka imamu aingie kwenye sala ya Idi.

Ya pili ni ile inayofuata sala. Huanza baada ya alfajiri ya siku ya Arafa na kumalizika baada ya alasiri ya tarehe kumi na tatu. Mpe mtoto karatasi ahesabu: sala tano siku ya tisa, tano ya kumi, tano ya kumi na moja, tano ya kumi na mbili, na tatu za mwisho. Jumla 23. Lafudhi yake ni hii: Allahu Akbar, Allahu Akbar, la ilaha illa Llah, wallahu Akbar, Allahu Akbar, walillahil hamd. Anayesali peke yake nyumbani naye huleta, hazingoji jamaa. Mwenye hedhi, kwa kuwa hasali, hana hii ya baada ya sala, ila ile ya kwanza anayo wakati wote.

Mtoto wa miaka tisa au kumi akitaka kufunga, mpe siku moja, Arafa, badala ya tisa. Haimlazimu, na akishindwa adhuhuri hakuna cha kulipa. Masahaba waliwazoesha watoto funga ya Ashura kwa kuwatengenezea midoli ya sufi, na mtoto akililia chakula alipewa mdoli mpaka ufike wakati wa kufuturu. Mchezo wa kivulini utamfikisha mbali kuliko kuhimizwa. Akianza kusikia kizunguzungu, akilegea au akikosa mkojo tangu asubuhi, mfunguze bila ubishi. Funga yake ni mazoezi.

Liko na suala la tarehe. Tanzania Idi hutangazwa na Mufti, Kenya na Kadhi Mkuu, na wapo wanaofuata kisimamo cha Arafa kama kilivyotangazwa Saudia. Mara nyingine Arafa ya huyu ni Idi ya yule. Usimlazimishe ndugu afungue wala afunge. Kilicho lazima ni mtu kutofunga siku ambayo yeye mwenyewe anaihesabu kuwa Idi. Jambo la kuepuka ni kuhamahama: mosi kwa mwezi wa hapa, Arafa kwa tangazo la kule, Idi tena kwa hapa. Karatasi ya jikoni ishike hesabu moja tangu siku ya kwanza, ili hata mtoto ajue leo ni tarehe ngapi.

Baada ya Idi kuna kosa jingine la kalenda. Siku tatu zinazofuata, kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu, ni za kula, kunywa na kumtaja Mwenyezi Mungu. Hazifungwi. Katika mfano wetu siku ya kumi na moja ni Alhamisi, na mzee wa nyumba aliyezoea kufunga Jumatatu na Alhamisi ataiacha. Vivyo hivyo anayefunga siku nyeupe za kila mwezi, kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano: mwezi huu ya kumi na tatu imo ndani ya katazo, hivyo ataanzia ya kumi na nne.

Na ile siku moja ya mama? Haiwezi kulipwa Alhamisi, Ijumaa wala Jumamosi, hata kama angekuwa tayari ametoharika. Akishatoharika na kuoga, kuanzia Jumapili ya tarehe kumi na nne siku yoyote inamfaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mara baada ya chakula, anuie. Ramadhani imefunga hesabu yake, na iliyobaki jikoni ni karatasi ya kutolewa ukutani.