Bango la "Nunua Leo" Linafukuza Wateja

Ndugu muuza pembejeo, ondoa hilo bango la "Nunua leo" mlangoni. Unauza mfuko usiopitisha hewa wa kuhifadhia mahindi, na anayepita hapo amezoea salfeti ya kawaida. Anasikia bei kubwa, sababu haijui, nawe unamwambia atoe hela. Akiondoka unasema wakulima wabishi. Wabishi gani?

Huyo mwambie, "Ingia uone." Mwonyeshe mifuko miwili ya plastiki iliyo ndani ya ule wa nje, kila mmoja unafungwa peke yake. Mweleze kuwa dumuzi anakufa kwa kukosa hewa, si kwa dawa.

Anayerudi kuuliza kama kweli unafanya kazi anataka ushahidi. Mwambie, "Njoo Jumamosi tufungue ule niliojaza baada ya mavuno, na uje na mahindi yako kidogo." Yatie kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Ukimuuzia mfuko siku hiyo atayafungia na unyevu, yaote ukungu, na kijiji kizima kitaambiwa mfuko wako ni mbovu.

Anayeuliza "Una mingapi?" ameshaamua. Ajabu, huyu ndiye mnayemhubiria habari za dumuzi upya! Mpe bei, namba ya kulipia na siku ya kuchukua. "Lipia leo" ni neno lake yeye.