Sanduku la barua la Amerika si nyumbani kwako

Ukitembea Umoja, Donholm au Komarock siku hizi, utapata mtu ambaye ana anwani ya Amerika na hajawahi kupanda ndege. Anwani hiyo si ya uongo. Kuna kampuni kule zinazokukodishia namba ndani ya ghala au ofisi yao, mara nyingi katika jimbo la Delaware kwa sababu duka la huko halikutozi kodi ya mauzo. Unanunua viatu au simu mtandaoni, mzigo unafika kwa ghala, unapimwa, unaletwa Nairobi, na wewe unaenda kuuchukua tauni. Kampuni nyingine zinapokea barua, zinapiga bahasha picha na kukuonyesha kwenye simu.

Kwa kazi hiyo, hatuna shida na huduma hizi. Shida inaanza pale mtu anapochukua anwani ileile na kuiandika kama mahali anapoishi. Tunaona jambo hili sana kwa vijana wanaolipwa dola kwa kazi za mtandaoni, na msimamo wetu ni mmoja: usifanye hivyo, hata kama fomu imekubali.

Chukua mfano wa kijana wa Umoja Innercore anayechora nembo za biashara. Mteja wake yuko ng'ambo na anataka kumlipa kupitia akaunti ya dola. Kijana anafungua akaunti, anafika kwa kisanduku cha anwani, anakwama. Nyumba yake haina namba ya barabara. Ploti inajulikana kwa jina la mwenyewe, na mtu wa boda huelekezwa kwa kanisa na duka la dawa. Basi anaweka ile anwani ya Delaware aliyokuwa akinunulia viatu. Fomu inapita. Miezi minne pesa zinaingia na kutoka vizuri.

Siku akaunti ikiwa na dola 400 ndani, ujumbe unakuja: tuma hati ya miezi mitatu iliyopita yenye jina lako na anwani yako. Hapo sasa. Hana bili ya stima ya Delaware. Risiti ya kampuni ya sanduku haikubaliwi, maana inaonyesha tu kwamba analipia sanduku. Akisema kweli kwamba anaishi Nairobi, maelezo yake ya kwanza na ya pili yanagongana. Mtu anayekagua anaona kitambulisho cha Kenya, namba ya simu ya +254, na makazi ya Amerika. Kwake hiyo ni picha ya mtu anayetumia akaunti ya mwingine. Dola 400 zinabaki zimefungiwa, na rendi inadaiwa.

Walijuaje? Huko Amerika, kampuni inayopokea barua za watu wengine inatambuliwa rasmi na posta yao, na anwani yake huwekewa alama kwenye orodha ambayo benki na kampuni za malipo hukagulia anwani. Ndiyo maana anwani za aina hiyo huandikwa na herufi PMB au alama ya # kabla ya namba yako. Kwa hivyo mfumo unaweza kujua ni sanduku siku ileile unapoliandika. Kukubaliwa kwa fomu hakumaanishi umepita. Mara nyingi ukaguzi huja baadaye, pesa zikishaongezeka.

Na kuna jambo ambalo watu hupitia haraka. Ili upokee barua kupitia kampuni kama hiyo, posta ya Amerika inataka ujaze Fomu 1583, uonyeshe vitambulisho viwili, na uandike anwani ya nyumbani kwako. Yaani hata sanduku lenyewe linakuuliza unaishi wapi. Kama hilo sanduku lingekuwa nyumba, swali hilo lisingekuwepo.

Sisi Wakenya tunaijua tofauti hii vizuri. Tangu zamani barua zetu zinaenda kwa sanduku la posta, na hakuna aliyewahi kudhani babu analala ndani ya S.L.P. Hata MPost, huduma ya Posta Kenya inayogeuza namba yako ya simu kuwa anwani ya barua, inasema tu barua zako zifikie wapi. Haisemi unalala wapi.

Kwa hivyo kabla ya kujaza, soma fomu inauliza nini. Ikisema "Shipping address", inauliza mzigo upelekwe wapi, na hapo anwani ya ghala ni sawa kabisa. Ikisema "Billing address", inataka anwani uliyoandikisha kwa aliyekupa kadi. Maduka mengi ya Amerika hulinganisha namba za anwani hiyo na zile alizo nazo aliyekupa kadi, na zisipolingana malipo yanaweza kukataliwa hata kama pesa ziko. Ikisema "Residential address" au "Permanent residence address", inauliza unaishi wapi. Hapo jibu ni Umoja.

Mfano mzuri ni fomu ya kodi ya W-8BEN, ambayo wengi wenu mmeijaza kwenye majukwaa ya video na ya kazi. Kazi yake ni kuonyesha kwamba wewe si mlipa kodi wa Amerika. Mstari wa 3 unataka anwani ya makazi na unakataza sanduku la posta. Mstari wa 4 ndio wa anwani ya barua. Ukiandika Delaware kwenye mstari wa 3, umepinga kitu kilekile unachotaka kuthibitisha.

Tunajua mtaani ushahidi wa makazi ni mgumu. Mita ya tokeni iko kwa jina la mwenye nyumba, na maji yanalipwa kwa keateka. Lakini ziko njia. Andika anwani yako kwa mpangilio mmoja kila mahali: namba ya nyumba, jina la ploti, barabara, mtaa, Nairobi, kisha namba ya posta ya ofisi mnayotumia, kama 00515 ya Buruburu au 00518 ya Kayole. Iweke hivyohivyo kwenye rekodi zako za KRA, kwa sababu cheti cha PIN huonyesha anwani. Omba benki yako iandike makazi yako kwenye taarifa ya akaunti, si sanduku pekee. Mkataba wa kupanga uliotiwa sahihi, uweke pia.

Kama tayari umetumia anwani ya ng'ambo, usingoje ukaguzi. Andikia huduma kwa wateja leo, sema ile ilikuwa ya mizigo, na utume ya kweli. Usikubali mtu wa saiba akutengenezee bili kwa kompyuta. Anwani isiyo sahihi inaweza kuelezwa, lakini hati ya kughushi ni kosa la jinai, na akaunti ikifungwa kwa sababu hiyo ni vigumu ifunguliwe tena.

Lawama si ya wateja peke yao. Kampuni za malipo, sisi tukiwemo, tumezoea kuandika "Anwani" tu na kumwacha mtu akisie. Na fomu isiyokubali nyumba bila namba ya barabara inamsukuma mtu wa Eastlands kutafuta anwani ya kukodi. Tunaamini fomu inapaswa kuuliza maswali mawili tofauti: barua zako zifike wapi, na wewe unaishi wapi. Mpaka ziwe hivyo zote, watenganishe mwenyewe. Delaware iachiwe viatu.