"Bei inboksi" inamkosesha fundi kazi, na wewe inakukosesha kitanda

Wasee, naomba tuongee kuhusu posti za mafundi wa fanicha. Mnazijua. Picha ya kitanda kikali, moto tatu, halafu maneno haya:

"Vitanda vya kisasa kwa bei nafuu! Tunaunda design yoyote. Kazi safi na ya haraka. Weka dipositi kidogo tuanze. Bei inboksi."

Hii ni posti halisi ya fundi mmoja wa Ngong Road ambaye huwa namsaidia kupanga kurasa zake. Mkono wake ni mzuri. Viungo vya mbao yake vimekaza, hakuna kitanda chake kinacholia usiku. Lakini kila mwezi kulikuwa na mteja anampigia simu kwa hasira, na mwingine ameandika "mwizi" chini ya picha. Na fundi hakuwa ameiba kitu. Maoni yangu ni kwamba vita nyingi kati ya fundi na mteja huanzia kwa posti, kabla hata mbao haijanunuliwa. Posti haisemi siku zinaanza kuhesabiwa lini, dipositi ni ya nini, na baada ya kulipa kinafuata nini. Kila mtu anajaza hayo mapengo na ndoto zake, halafu ndoto zinagongana.

Tuanze na "haraka". Nilimuuliza, "Fundi, kitanda cha 5 kwa 6 kinachukua siku ngapi?" Akajibu bila kufikiria, "Wiki moja, kijana." Na hakuwa anadanganya. Siku moja ya kununua mbao na kuipiga randa. Siku tatu za kukata na kuunganisha fremu na chaga. Siku moja ya kushona kitambaa cha kichwa cha kitanda. Siku mbili za msasa na vanishi, kwa sababu vanishi hupakwa zaidi ya mara moja na kila mkono lazima ukauke kabla ya mwingine. Jumla, siku saba.

Shida ni kwamba alikuwa anahesabu siku za mikono yake peke yake. Hakuhesabu foleni. Siku hiyo alikuwa na vitanda viwili mbele, na hivyo vilikuwa vinahitaji siku tano zaidi kumalizika. Pia hakuhesabu siku za stima kupotea, wala mvua. Msimu wa mvua vanishi inakawia kukauka, na ukiilazimisha kwa hewa yenye unyevu inaweza kutoka na ukungu mweupe juu ya mbao, urudie msasa upya. Tukaweka siku mbili za akiba. Saba, tano na mbili ni kumi na nne. Hiyo ndiyo namba ya ukweli, na inabadilika foleni ikibadilika, kwa hivyo lazima aiguse kila wiki.

Hata hiyo 14 haitoshi kama husemi inaanza lini. Mteja anahesabu kutoka siku aliyosema "sawa" kwa simu. Fundi anahesabu kutoka siku alipopata pesa na vipimo. Hapo katikati kunaweza kuwa na siku sita za mteja kutafuta pesa na kubadilisha rangi. Kwa hivyo tukaandika wazi: siku za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia kesho yake baada ya dipositi kuingia na mchoro kukubaliwa. Ukilipa Jumatatu, Jumanne ndiyo siku ya kwanza, na kitanda kiko tayari Jumatano ya wiki ya tatu. Mtu anayehama keja mwisho wa mwezi anaweza kupanga na hiyo. Na "haraka" je? Huwezi kupanga chochote nayo.

Sasa pesa, na hapa ndipo kuna moto wenyewe. Niliacha kampasi mapema, lakini hii hesabu haitaki digrii. Kitanda chake cha 5 kwa 6 cha saiprasi, chenye kichwa cha kitambaa, anakiuza Sh38,000. Alinionyesha daftari. Mbao ni Sh12,500. Sponji na kitambaa ni Sh5,000. Vanishi, gundi, skrubu na msasa ni Sh4,000. Vifaa peke yake ni Sh21,500.

Na "dipositi kidogo" alikuwa anachukua ngapi? Sh10,000.

Sasa jiulize, ile Sh11,500 iliyobaki ya vifaa inatoka wapi? Inatoka kwa mteja anayefuata. Dipositi ya Wanjiku inamalizia kitanda cha Otieno, ya Halima inamalizia cha Wanjiku, na siku ambayo hakuna Halima, Wanjiku anaambiwa "njoo kesho" hadi achoke. Ile kesho-kesho tunayoiita uvivu wa mafundi, mara nyingi ni dipositi iliyokuwa ndogo kuliko mbao. Kwa hivyo ukifurahia fundi anayetaka kidogo tu kuanza, jua unaingia kwa huo mnyororo na hujui uko kiungo cha ngapi.

Tukapandisha hadi asilimia 60, yaani Sh22,800. Inafunika vifaa vyote na kubakisha Sh1,300. Nusu kwa nusu ingekuwa Sh19,000, bado ina upungufu wa Sh2,500. Kwa mteja asilimia 60 inauma, naelewa. Ndiyo maana fundi naye lazima aweke kitu mezani. Salio la Sh15,200 halilipwi hadi uone kitanda kimekamilika. Ukighairi kabla mbao haijakatwa, unarudishiwa dipositi yote. Ikishakatwa, unarudishiwa ukitoa gharama ya vifaa vilivyotumika. Na pesa inaenda kwa namba ya Lipa na M-Pesa yenye jina la karakana, si kwa simu ya kijana wa dukani, ndiyo ujumbe wa malipo ubaki kama ushahidi wenu wote wawili.

Kitu cha tatu ni hatua. Fundi alikuwa anaziweka kichwani, na mteja hana ufunguo wa hicho kichwa. Mfano mdogo: godoro. Ukisema "5 kwa 6" unadhani umemaliza, lakini kuna magodoro ya 5 kwa 6 yenye urefu wa inchi 72 na mengine ya inchi 75. Hizo inchi tatu zinatosha godoro kukataa kuingia ndani ya fremu. Kwa hivyo hatua ya kwanza ikawa kupima godoro lenyewe, pamoja na upana wa mlango na ngazi. Halafu tukaongeza picha ya fremu kabla ya vanishi, kwa sababu kichwa cha kitanda kikiwa kifupi, hapo ndipo kurekebisha ni rahisi. Baada ya vanishi ni kuanza upya, na mtu atalipia.

Hii ndiyo posti mpya:

"Kitanda cha 5 kwa 6, saiprasi, kichwa cha kitambaa: Sh38,000. Tayari kwa siku 14 za kazi.

Siku zinaanza kuhesabiwa kesho yake baada ya dipositi kuingia na wewe kukubali mchoro. Jumapili hatufanyi kazi.

Jinsi ya kuagiza:
1. Tutumie kwa WhatsApp vipimo vya godoro lako, upana wa mlango na ngazi, na rangi unayotaka.
2. Tunakutumia mchoro wenye vipimo, aina ya mbao na bei kamili. Bei hiyo inadumu siku 7.
3. Jibu NIMEKUBALI, kisha lipa dipositi ya Sh22,800 kwa namba ya karakana. Tunakujibu kwa tarehe ya kumaliza.
4. Tunakutumia picha ya fremu kabla ya vanishi. Una siku moja ya kusema kama kuna kitu cha kurekebisha.
5. Kikiwa tayari, njoo ukione au tukupigie video. Lipa salio la Sh15,200, kisha tunapakia. Usafiri unalipwa kando, na tutakuambia bei yake kwenye mchoro.

Ukighairi kabla ya kukata mbao, unarudishiwa dipositi yote. Baada ya hapo tunakata gharama ya vifaa vilivyotumika.

Tukichelewa, tutakupigia kabla ya tarehe, si baada."

Angalia mstari wa kwanza. Bei, saizi na siku zote ziko hapo, kwa sababu Instagram inakata maelezo na wengi hawabofyi kusoma yaliyobaki. Mwenye kutaka picha tu amepata jibu lake. Mwenye pesa mfukoni atasoma hadi chini.

Fundi alikataa mara mbili kabla ya kukubali. Kwanza alisema, "Nikiweka bei, jirani atashusha yake." Mzee wangu, jirani anaweza kutuma mtu inboksi aulize bei leo jioni. Anayefichwa ni mteja peke yake, na mteja akifichwa bei anaanza kushuku kwamba inategemea sura yake. Pili alisema, "Siku 14 ni nyingi, watakimbilia anayesema wiki." Kuna watakaokimbia, ni kweli. Lakini hao ndio wangekuwa siku ya nane wanaandika "mwizi" chini ya picha zako. Wacha waende.

Sisemi posti inaponya kila kitu. Fundi mwenye nia ya kula pesa yako anaweza kunakili haya maneno yote neno kwa neno. Posti safi haithibitishi uaminifu, kwa hivyo bado tembea karakana kabla ya kutuma elfu ishirini na kitu. Na kazi zisizo na saizi ya kawaida, kama kabati la ukutani, haziwezi kuwa na bei moja. Hapo andika bei ya kuanzia na useme lazima vipimo vichukuliwe nyumbani kwanza.

Lakini kuna mabadiliko nimeyaona kwa inboksi yake. Zamani ilijaa "bei?" na kimya. Sasa mtu anaingia na inchi 75 kwa 60, picha ya ngazi, na swali kama rangi ya kahawa inapatikana. Huyo amekuja kuagiza.

Na wewe msomaji unayetafuta kitanda, ukikutana na posti ya "bei inboksi", usiulize bei kwanza. Uliza, "Siku zinaanza kuhesabiwa lini, na dipositi inafunika vifaa vyote?" Akijibu kwa namba, endelea kuongea. Akijibu "usijali boss, ni haraka tu", weka simu mfukoni na pesa yako ibaki kwa M-Pesa.