Hongera shoga, sasa angalia mita ya maji

Hongera shoga, umepata kwako! Makochi na mapazia yatakuja. Wiki hii anza na mita ya maji, maana bomba likivuja sasa, bili ni yako.

Simtanki likishajaa, usiku funga mabomba yote ya ndani na uandike namba za mita. Msitumie maji mpaka asubuhi. Tuseme ulilala ikisoma 214.350 na umeamka ni 214.470. Hizo ni lita 120, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Kwa mwezi, kwa saa za usiku pekee, zinafika kama lita 3,600.

Kisha simtanki likiwa limejaa, funga koki inayoteremsha maji ndani. Mita ikisimama, uvujaji uko ndani ya nyumba. Ikiendelea kuzunguka, kagua boya la tanki na bomba linalotoka kwenye mita.

Ndani anza na choo: tia rangi ya chakula kwenye tanki la kuflashi, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, mpira wa ndani umechoka. Fundi anaubadilisha bila kuvunja ukuta.

Jumapili nakuja na vitumbua. Weka maji ya chai!