Kabla Umkate Mtu wa Stoo Mshahara

Mama wa chai akiuza vikombe 40, na anajua kila kikombe kinakula vijiko viwili vya sukari, anaweza kuandika "vijiko 80 vimeenda" bila hata kufungua mkebe. Hiyo ndiyo bakflashi. Kiwandani, mfumo wa ERP unangoja supavaiza aandike katoni ngapi zimetoka, halafu unarudi nyuma na kutoa vifaa kwa stoki kulingana na orodha ya kile katoni moja inatumia. Hakuna mtu wa kuandika kila kitu kinachotoka stoo. Inaokoa kazi, sikatai. Shida yangu ni vile watu wanaiamini hiyo namba kana kwamba kuna mtu alienda kuhesabu.

Nilipoacha chuo niliingia stoo ya kiwanda kimoja cha juisi, chini ya mzee fulani mwenye mwandiko mzuri kuniliko. Tulikuwa tunatoa katoni 400 kwa siku, chupa 24 kila katoni. Kila jioni mfumo unatoa lebo 9,600. Iko sawa, kama kila lebo inafika kwa chupa. Lakini asubuhi wakiseti mashine, lebo za kwanza zinakaa upande. Wakibadilisha roli, zingine zinararuka. Hizo zinaenda kwa pipa, na mfumo haujui pipa.

Baada ya siku 24 za kazi, mfumo ulisema tuko na lebo 40,000. Hapo ndipo ofisi huagiza zingine, juu msambazaji huchukua siku nne na siku nne zinakula 38,400. Hesabu safi. Sasa kwa rafu zilikuwa 34,000. Siku ya nne kabla ya saa sita mchana laini ikasimama, chupa zimejaa juisi na hakuna cha kuzivisha. Kompyuta bado inaonyesha lebo ziko.

Unajua nani alilaumiwa. Mzee alikatwa shilingi 4,000. Kwani nani huiba lebo za juisi, aende kuzibandika wapi? Lakini hakuwa na kitu cha kujitetea nacho, manake stoo yetu haikuandika vitu vikitoka. Bakflashi ilikuwa imemnyang'anya ushahidi wake.

Kilichonikasirisha zaidi ni ile ripoti ya kulinganisha matumizi halisi na yaliyopangwa. Meneja aliifungua mbele yetu: tofauti ya lebo, sufuri. Akasema uzalishaji hauna makosa, kwa hivyo makosa ni ya stoo. Si hivyo! Yale "matumizi halisi" mfumo uliyapata kwa kuzidisha katoni na orodha ileile. Ni kulinganisha namba na nafsi yake. Lazima itoe sufuri, hata kama nusu ya lebo zinachomwa nyuma ya kiwanda.

Kesho yake nilikaa kando ya mashine shifti nzima nikiokota zilizotupwa. Zilifika karibu 250. Zidisha kwa siku 24 upate 6,000, zile zile zilizokosekana.

Ukitaka kujua shida ni gani, angalia tofauti inavyotembea. Ikikua upande mmoja, ikifuata uzalishaji, hiyo ni taka isiyoandikwa ama orodha mbaya. Yetu ilikuwa asilimia 2.6 ya chupa zote. Ikipanda na kushuka yenyewe, pengine ni saa tu: ukihesabu stoo saa sita na supavaiza ataandika katoni jioni, lebo za nusu siku ziko tayari kwa chupa lakini mfumo haujazitoa. Ukirekebisha stoki hapo, jioni zitatolewa mara ya pili na umejitengenezea kosa jipya. Hesabu kabla shifti ianze, baada ya katoni zote za jana kuingizwa.

Wengine watakuambia uongeze tu hiyo asilimia 2.6 kwa orodha. Inasaidia kuagiza mapema, fiti. Lakini mashine ikiharibika na taka ifike asilimia 5, mfumo utaendelea kutoa 2.6 kwa roho safi, na mtarudi palepale. Mimi ningeandika taka yenyewe mwisho wa shifti, na kuhesabu lebo kila wiki. Na sukari ningeitoa kwenye bakflashi kabisa, ipimwe ikitoka. Sukari ni ya bei, inamwagika, na hiyo kweli watu hubeba. Bakflashi haiwezi kukuambia ni gani kati ya hizo.

Sasa kuna karatasi kando ya mashine, opareta anaandika roli zilizobadilishwa na lebo zilizotupwa. Meneja anaisifu sana kwa mikutano. Ile 4,000 ya mzee haijarudi.