Akaunti Inayohuisha Dashibodi Isipewe Funguo Zote

Hospitali inapoweka dashibodi ya mahudhurio kwenye tovuti yake au kwenye skrini ya ukumbi wa kusubiria, watazamaji huona namba tu: wangapi walihudhuria kliniki ya wajawazito wiki iliyopita, wangapi ile ya kisukari, wangapi Kliniki ya Tiba na Matunzo. Namba hizo hujibadilisha kila usiku pasipo mtu kugusa kompyuta. Kazi hiyo hufanywa na akaunti ya huduma, yaani jina la mtumiaji na nywila vilivyotengenezwa kwa ajili ya programu, si kwa ajili ya binadamu. Hoja yangu ni kwamba akaunti hiyo yapaswa kupewa ruhusa za kazi yake tu na si zaidi, na kwamba daktari, muuguzi na mgonjwa wana haki ya kuuliza kama ndivyo ilivyo.

Sababu ya kuihofu akaunti hii kuliko nyingine ni nafasi inayoikalia. Mkono wake mmoja umo ndani ya hifadhidata yenye rejesta za wagonjwa, na mkono wa pili uko kwenye ubao wa matangazo unaotazamwa na umma. Karani wa mapokezi husoma majina lakini hawezi kuchapisha kwenye tovuti. Mhariri wa tovuti huchapisha lakini hana rejesta. Akaunti ya dashibodi, isipowekewa mipaka, huweza yote mawili, tena usiku wa manane, na nywila yake imeandikwa ndani ya faili la programu ambamo yeyote aliyeingia kwenye seva aweza kuisoma. Mtu akiiba nywila hiyo, au fundi akikosea mstari mmoja wa maelekezo, orodha ya watu wanaoishi na VVU yaweza kutoka rejestani hadi hadharani bila kupita mikononi mwa mtu yeyote.

Kanuni ya ruhusa za chini kabisa si ngeni. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliiandika mwaka 1975 miongoni mwa misingi ya ulinzi wa taarifa katika kompyuta. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ugumu, basi, umo katika utekelezaji.

Tuchukue mfano wa hospitali ya wilaya inayotumia hifadhidata ya PostgreSQL. Rejesta ziko katika eneo liitwalo `kliniki`, lenye jedwali la wagonjwa na jedwali la mahudhurio. Dashibodi haihitaji majedwali hayo. Inahitaji muhtasari mmoja, tuuite `takwimu.mahudhurio_wiki`, wenye safu tatu: wiki, kliniki na idadi. Muhtasari huo umehifadhiwa kama jedwali lililokwisha kukokotolewa, na kila usiku hukokotolewa upya.

Hapa ndipo mafundi wengi hujikwaa. Kwa miaka mingi, PostgreSQL ilimruhusu mmiliki wa muhtasari peke yake, au msimamizi mkuu, kuukokotoa upya. Fundi aliyetaka akaunti ya dashibodi ifanye kazi hiyo alijikuta akiipa umiliki, na kwa umiliki huo ikabidi aipe pia ruhusa ya kusoma rejesta. Wengine walikata shauri na kuipa mamlaka ya msimamizi mkuu. Toleo la 17, lililotoka mwaka 2024, lilileta ruhusa iitwayo `MAINTAIN`, ambayo humwezesha asiye mmiliki kuuhuisha muhtasari. Maelekezo yenyewe ni mafupi:

```sql
CREATE ROLE mtumishi_dashibodi LOGIN;
GRANT USAGE ON SCHEMA takwimu TO mtumishi_dashibodi;
GRANT SELECT, MAINTAIN
  ON takwimu.mahudhurio_wiki TO mtumishi_dashibodi;
```

Maana yake ni kwamba akaunti yaweza kusoma muhtasari na kuamuru ukokotolewe upya. Wakati wa kukokotoa, hifadhidata husoma rejesta kwa ruhusa za mmiliki wa muhtasari, si za akaunti iliyotoa amri. Mmiliki huyo naye awe jina lisiloweza kuingia kwenye mfumo kwa nywila, lenye ruhusa ya kusoma safu mbili tu za jedwali la mahudhurio: tarehe na kliniki. Hivyo hakuna hatua yoyote inayogusa jina, simu wala kijiji cha mgonjwa.

Mkono wa pili, wa kuchapisha, upewe akaunti nyingine. Kazi yake ni kuandika faili moja la namba mahali pamoja kwenye seva ya tovuti. Isiweze kuingia kwenye hifadhidata, wala kubadili kurasa nyingine, wala kuamua nani aone dashibodi. Aliyeiba funguo za mmoja asiwe amepata za wa pili.

Msimamizi aweza kuthibitisha mpangilio huu kwa dakika moja, kwa kujivika nafasi ya akaunti na kujaribu kusoma kisichoruhusiwa:

```sql
SET ROLE mtumishi_dashibodi;
SELECT * FROM kliniki.wagonjwa;
```

Jibu linalotakiwa ni `permission denied for schema kliniki`. Likitoka jina hata moja la mgonjwa, ruhusa ni pana mno.

Najua pingamizi. Hospitali yenye fundi mmoja wa TEHAMA haina muda wa kugawa ruhusa hivi, na siku dashibodi itakapokwama, mganga mfawidhi atataka namba kabla ya kikao cha asubuhi. Ni kweli kwamba ruhusa finyu hukwamisha kazi mara kwa mara, hasa muhtasari unapofutwa na kuundwa upya, kwa kuwa ruhusa zilizotolewa hufutika pamoja nao. Dalili yake ni dashibodi kubaki na namba za juzi huku ikionekana nzima. Dawa ni kuandika juu ya skrini tarehe na saa ya uhuishaji wa mwisho, na kurudia mstari ule ule wa kutoa ruhusa. Kuipa akaunti mamlaka yote asubuhi hiyo ili kikao kiendelee ndiko ninakokupinga, maana mamlaka ya dharura hayana anayekumbuka kuyarudisha. Namba iliyochelewa siku moja hurekebishika, lakini siri ya mgonjwa ikishatoka hairudi.

Kanuni hii ina mpaka wake. Ruhusa finyu huzuia akaunti kusoma jina, lakini hazizuii namba yenyewe kusema jina. Meneja wa programu akiomba safu ya kijiji iongezwe, na wiki ile akahudhuria mtu mmoja tu kutoka kijiji hicho katika Kliniki ya Tiba na Matunzo, majirani hawatahitaji kuelezwa zaidi. Kwa hiyo idadi ndogo, kwa mfano iliyo chini ya 5, ifichwe ndani ya muhtasari wenyewe kabla haijafika kwa akaunti inayochapisha. Na kila safu mpya ichukuliwe kuwa ombi la ruhusa mpya, lijibiwe na mtaalamu wa afya anayewajua wagonjwa hao, si na fundi peke yake.

Mtumishi wa afya asiyejua lugha ya hifadhidata anahitaji swali moja tu la kumuuliza msimamizi wa mfumo: nywila ya akaunti hii ikiibwa usiku wa leo, mwizi ataona nini ambacho hakijabandikwa tayari ukutani? Jibu sahihi ni kwamba hataona kitu. Jibu jingine lolote ni sababu ya kuomba ruhusa zipunguzwe kabla dashibodi haijahuishwa tena.